Miadi ya Juba na saa ambayo haikukaa mahali pake

Pale Mto Ruvuma unapoingia baharini, ikiwa saa nne asubuhi kwa upande wa Kilambo, ng'ambo ya mto ni saa tatu. Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya marejeo ya dunia, na Msumbiji iko saa mbili mbele. Watu wa Msimbati, Ziwani na Kilambo hawahangaiki na jambo hilo, kwa kuwa anayevuka anajua amevuka. Programu ya kupanga miadi haijui. Simu iliyoachwa ijirekebishe saa yenyewe hupokea saa kutoka kwenye mtandao ulioisajili, na ikishikwa na mnara wa Msumbiji hurudi nyuma saa moja hata kama mwenye simu hajanyanyuka kwenye mkeka wake. Programu ikiuliza simu iko kwenye ukanda gani, jibu linakuja `Africa/Maputo`.

Sasa mama aliyeko Msimbati anachagua miadi ya kliniki mjini Mtwara, 10:00, yaani saa nne asubuhi. Programu inaamini ukanda wa simu na kuandika 10:00 ya Maputo. Kliniki inaona 11:00. Mama anafika saa nne kama alivyochagua, anaambiwa amewahi. Hakuna mstari wa msimbo ulioanguka, hakuna ujumbe wa hitilafu kwenye seva. Kilichokosewa ni swali. Programu iliuliza simu iko wapi, wakati ilipaswa kuuliza miadi iko wapi. Kliniki iko Mtwara, basi saa ni ya Mtwara, `Africa/Dar_es_Salaam`, hata mteja akiiweka akiwa Palma au Muscat.

Naanza na kosa hili dogo kwa sababu linafungua kubwa zaidi. Sisi wa pwani hii tumekulia mahali ambapo saa haisogezwi mbele wala nyuma kwa msimu. Aliyejifunza kuandika programu hapa anaona +3 mwaka hadi mwaka, na taratibu anaanza kudhani kwamba ukanda wa saa ni namba. Anaweka safu ya `+3` kwenye hifadhidata, na kwa wateja wa Mtwara, Nairobi na Moroni mambo yanakwenda sawa. Lakini ukanda wa saa ni uamuzi wa serikali, na uamuzi hubadilika. Uingereza hubadilisha mara mbili kwa mwaka: mwaka 2025 saa za London zilisogezwa mbele tarehe 30 Machi na kurudishwa 26 Oktoba. Kikao cha kila Jumanne saa sita mchana wa Mtwara kinaangukia 09:00 London wakati wa baridi na 10:00 wakati wa kiangazi. Hilo hugundulika mapema, kwa kuwa wateja wa London hulalamika kila Machi. Linalouma ni badiliko linalokuja mara moja tu, tena kwa jirani.

Sudan Kusini ilifanya hivyo. Tangu Januari 2000 Juba ilikuwa kwenye saa yetu, UTC+3. Ilipofika usiku wa manane wa kuingia tarehe 1 Februari 2021, saa zilirudishwa nyuma, 00:00 ikawa tena 23:00 ya tarehe 31 Januari, na kuanzia hapo Juba iko pamoja na Maputo kwenye UTC+2. Kumbukumbu ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta nyingi, `tzdata`, ilitoa toleo lenye badiliko hilo, 2021a, tarehe 24 Januari. Zilibaki siku nane. Ndani ya siku hizo seva, simu, vivinjari na lugha za programu vilipaswa kupata toleo jipya, kila kimoja kwa njia yake.

Tuchukue mfumo wa mfano, unaoendeshwa Mtwara na wenye mteja Juba. Desemba 2020 mteja huyo anapanga kikao ofisini kwake: Jumanne, 9 Februari 2021, 10:00. Aliyeandika mfumo alifuata ushauri unaorudiwa kila mahali, kwamba kila wakati uhifadhiwe kwa UTC. Kwa kanuni za Desemba, 10:00 ya Juba ni 07:00 UTC, na hiyo ndiyo iliyohifadhiwa. Namba 10:00 yenyewe ikatupwa. Januari seva inapata toleo jipya. Mteja anafungua kalenda na kuona 09:00. Mfumo umepiga hesabu sahihi kabisa juu ya namba ambayo haikuwa tena na maana aliyoikusudia. Yeye alisema saa nne asubuhi kwa saa ya ukutani ya Juba, na kwa kanuni mpya hiyo ni 08:00 UTC.

Ushauri wa UTC ni mzuri kwa mambo yaliyokwisha kutokea. Malipo yaliyoingia, ujumbe uliotumwa, mlango uliofunguliwa: hivyo vilitokea kwa wakati mmoja usiobadilika. Miadi ya kesho kutwa haijatokea. Ni ahadi iliyofungwa kwenye saa ya mahali fulani, na saa hiyo yaweza kusogezwa kabla ahadi haijatimia. Kwa hiyo kinachohifadhiwa kwanza ni maneno ya ahadi yenyewe: saa ya ukutani na jina la ukanda. UTC inakokotolewa kutoka humo, kwa ajili ya kupanga foleni na kutuma vikumbusho, na inaweza kukokotolewa upya wakati wowote. Katika PostgreSQL inatosha hivi:

```sql
CREATE TABLE miadi (
  id            bigint PRIMARY KEY,
  saa_ya_ukuta  timestamp   NOT NULL,
  ukanda        text        NOT NULL,
  wakati_utc    timestamptz NOT NULL
);
```

Angalizo moja kuhusu `timestamptz`, kwa kuwa limewaponza wengi: licha ya jina lake, haihifadhi ukanda wowote. Inageuza kila inachopewa kuwa UTC na kusahau kilikotoka. Ndiyo maana safu ya `ukanda` inasimama peke yake. Mfumo uliojengwa hivi ungerekebishwa kwa amri moja baada ya toleo jipya kuwekwa:

```sql
UPDATE miadi
SET wakati_utc = saa_ya_ukuta AT TIME ZONE ukanda
WHERE ukanda = 'Africa/Juba'
  AND saa_ya_ukuta >= '2021-02-01';
```

Aliyehifadhi UTC peke yake ana kazi ngumu zaidi, na hapa ndipo nimeona watu wakiharibu zaidi wakidhani wanatengeneza. Kuongeza saa moja kwenye miadi yote ya wateja wa Juba kunaonekana kuwa jibu la haraka. Lakini miadi iliyopangwa baada ya seva kupata toleo jipya tayari iko sahihi, na ukiiongezea saa unaiharibu. Unahitaji kujua kila miadi iliandikwa lini, na seva iliyoiandika ilikuwa na toleo gani siku hiyo. Kama kulikuwa na seva mbili na moja ilichelewa siku tatu, miadi ya siku hizo tatu ni mchanganyiko, na bila alama ya seva huwezi kuitenganisha. Kisha swali la kliniki ya Mtwara linarudi kwa sura nyingine: kikao kilikuwa cha nani? Kama mwenyeji yuko Mtwara na mtu wa Juba anajiunga kwa simu, 07:00 UTC ibaki ilivyo, kwa kuwa kikao ni saa nne asubuhi ya Mtwara na Juba wataingia saa tatu. Kama mwenyeji yuko Juba, kisogezwe hadi 08:00 UTC, na Mtwara wataingia saa tano. Hifadhidata isiyotaja mwenyeji haina jibu. Hapo hakuna njia ya haki ila kuwaandikia wahusika na kuwauliza.

Dalili za ugonjwa huu zinatambulika. Miadi inakosea kwa saa moja kamili, si kwa dakika ishirini. Inakosea kwa wateja wa nchi moja tu, na kwa miadi ya baada ya tarehe fulani tu. Tena seva na simu zinatofautiana, kwa sababu toleo la kanda kwenye mfumo wa seva si lazima liwe lile la ndani ya Java, wala la simu ya miaka mingi isiyopata tena masasisho. Kuhakiki mashine moja ya Linux ni kazi ya sekunde:

```
TZ=Africa/Juba date -d '2021-02-09 08:00 UTC'
```

Ikijibu 10:00, inajua habari za Juba. Ikijibu 11:00, bado inaishi katika kanuni za zamani. Swali hilohilo liulizwe ndani ya hifadhidata na ndani ya lugha ya programu, kila moja peke yake.

Kosa la tarehe ni la namna nyingine, na hutokea hata pale ambapo hakuna saa iliyobadilishwa. Tarehe ya kuzaliwa, siku ya mnada wa korosho, mwisho wa kulipa ada: hizi hazina saa wala ukanda. Ni siku kwenye kalenda. Mwandishi wa JavaScript anazifanya kuwa wakati kwa sababu `Date` ndicho kifaa alicho nacho mkononi:

```js
new Date(2025, 2, 8).toISOString()
// Mtwara: "2025-03-07T21:00:00.000Z"
new Date("2025-03-08").getDate()
// Mtwara: 8, Toronto: 7
```

Mstari wa kwanza unajenga usiku wa manane wa tarehe 8 Machi kwa saa ya Mtwara (miezi huhesabiwa kuanzia sifuri, ndiyo maana ya ile 2), kisha unaugeuza kuwa UTC, ambako bado ni saa tatu usiku wa tarehe 7. Anayekata herufi kumi za mwanzo na kuzihifadhi amepoteza siku. Kosa hilo litaonekana hapahapa kwetu. La pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa hapa halionekani kamwe. Maandishi ya tarehe tupu husomwa kama usiku wa manane wa UTC, ambao Mtwara ni saa tisa usiku wa siku ileile, basi tarehe inatoka sawa. Kwa ndugu aliyeko Toronto wakati huo bado ni jioni ya jana yake, na anasomewa tarehe 7. Kwa hiyo majaribio ya mfumo yaendeshwe pia na `TZ=America/Toronto`, na tarehe zihifadhiwe kwenye safu ya aina ya `date`, zikipita kama maandishi kutoka skrini hadi hifadhidata bila kugeuzwa kuwa wakati.

Limebaki la ujumbe anaoupokea mteja. Ukiandika "miadi saa 3:00", anayesoma kwa hesabu yetu anaelewa saa tatu asubuhi au saa tatu usiku, na simu ilikusudia saa tisa usiku. Kugeuza ni rahisi: ongeza sita kwenye saa ya skrini, gawa kwa kumi na mbili, chukua baki, na baki ikiwa sifuri andika kumi na mbili. Ugumu uko kwenye siku. Chombo kinachoondoka Mtwara na maji 01:00 ya Jumatano kinaondoka saa saba usiku, na ujumbe ukisema "Jumatano saa saba usiku", abiria wengi watafika Jumatano baada ya isha, karibu siku nzima baada ya chombo kuondoka. Usiku huo kwao ni wa Jumanne kuamkia Jumatano. Kwa miadi yote iliyo kati ya 00:00 na 05:59, programu itaje siku zote mbili na mahali:

```
Jumanne usiku kuamkia Jumatano,
saa 7:00 usiku (01:00), saa za Mtwara
```