Sarafu ya Mwalimu: Shaka Kwanza, Hesabu Baadaye

Hadithi yangu ya sarafu ina kurasa tatu tu, na rasimu yake ya kwanza niliitupa. Humo mwalimu alirusha sarafu mara tatu, akageukia ubao na kuanza kueleza maana ya uwezekano. Hadithi ikafa papo hapo, kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyepata nafasi ya kushuku.

Katika rasimu iliyobaki mwalimu haelezi kitu. Anatoa shilingi mia mfukoni na kutangaza masharti: kikija kichwa, darasa linaongezewa hesabu moja ya kufanya nyumbani, ukija mwenge, linapunguziwa moja. (Shilingi mia ina swala upande wa pili, lakini mazoea ya ile shilingi ya zamani hayajatutoka.) Anairusha, anaidaka, anaifunika kwa kiganja, anachungulia. "Kichwa." Mwanafunzi mmoja anachora alama ubaoni. Mara ya pili, kichwa. Ya tatu, kichwa, na watu wanacheka. Ya nne, kicheko kimepungua. Ya tano, sauti inatoka dawati la nyuma: "Mwalimu, hebu na sisi tuione hiyo sarafu."

Mwalimu anaitia mfukoni. Anawaambia waandike kwenye daftari, kila mtu kivyake, ni mara ya ngapi walianza kutomwamini. Wengi wanaandika 4 au 5. Hapo tu ndipo anapochukua chaki. Kama sarafu ni ya haki, kichwa cha kwanza kina nafasi 1 kati ya 2, viwili mfululizo 1 kati ya 4, halafu 8, 16, na vitano ni 1 kati ya 32. Kila alama ya ubaoni ilikuwa inaigawa nusu nafasi iliyobaki, na darasa lilihisi hivyo kabla ya kuhesabu. Mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1925, aliona 1 kati ya 20 ni mpaka unaofaa kwa kazi. Wale watoto walikuwa wanacheza jirani na mpaka huohuo bila kumsikia Fisher.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ningekuwa nimefundisha nusu ya jambo. Kwa hiyo nikamweka msichana mmoja mbishi. Anauliza: "Ingekuja mienge mitano, tusingeshtuka?" Wangeshtuka. Hakuna aliyesema mapema kwamba anashuku kichwa, kwa hiyo njia za kushtuka ni mbili, na hesabu ya haki ni 2 kati ya 32, yaani 1 kati ya 16. Hiyo haijavuka mpaka wa Fisher. Inahitajika mara ya sita ndipo ifike 1 kati ya 32. Sentensi yake moja imemwokoa mwalimu na hukumu ya haraka.

Kisha mwalimu anawataka wote 40 warushe sarafu zao wenyewe mara tano. Kijana mmoja anaruka juu: vichwa vitano! Sarafu yake ni ya nauli, haina hila yoyote. Wengine wanaduwaa, lakini ukigawa 40 kwa 32 unaona kwamba mtu mmoja hivi alitarajiwa kupata hivyo. Mkosaji ni nani, basi? Sehemu hii ndiyo niliyoiandika mara nyingi kuliko zote. Ile 1 kati ya 32 inasema vichwa vitano ni adimu kiasi gani *kama sarafu ni ya haki*. Haisemi sarafu ina nafasi gani ya kuwa ya haki. Sarafu ya kijana hatuishuku kwa sababu imetoka kwenye nauli, na imechaguliwa kati ya 40 baada ya matokeo kuonekana. Ya mwalimu ilikuwa moja tu, tangu mwanzo, na mwenyewe alikuwa na sababu ya kutaka vichwa.

Wanamrudia. Anarusha tena mara tano kwa mtindo uleule, na vyote ni vichwa: kumi mfululizo, 1 kati ya 1,024. Hata ukiizidisha mara mbili kwa ajili ya yule msichana, inabaki 1 kati ya 512. Darasa zima linasimama: sarafu ina vichwa viwili!

Mwalimu anaiweka mezani. Upande mmoja Nyerere, upande mwingine swala. Wanaipokezana, wanaikwaruza kwa kucha, wanaigonga mezani. Ni nzima kabisa. Ukimya. Halafu msichana mbishi anauliza polepole: "Mwalimu, kwani nani alikuwa anasoma?"

Ushahidi ulikuwa umelikataa zoezi zima, yaani sarafu, mkono na mdomo kwa pamoja, na wao wakaibebesha sarafu peke yake. Mwalimu mwenzangu utakayeijaribu hadithi hii darasani, nakuomba jambo moja: usiitoe tena sarafu mfukoni kabla hawajaandika namba zao kwenye daftari.