Daftari la Shamba

Kumbukumbu za mkulima mdogo huandikwa popote kalamu inapopatikana: nyuma ya kalenda ya ukutani, kwenye kurasa za mwisho za daftari la hesabu la mtoto, juu ya mfuko wa saruji, kwa mkaa kwenye mlango wa stoo, na siku hizi ndani ya simu. Kila kipande kina maneno machache tu, maana aliyeyaandika alijiandikia mwenyewe na mengine anayajua. Kazi ya kuvikusanya vipande hivyo na kuvipanga katika jedwali moja, kwa shamba, kazi, tarehe na pembejeo, huonekana ndogo kwa asiyewahi kuifanya. Ni ufundi kamili. Anayeumudu hupaswa kuwa na subira ya karani na masikio ya mtu aliyekulia shambani.

Kazi huanza kwa kutogusa kitu. Kila karatasi hupewa namba jinsi ilivyo, yenye mikunjo na madoa ya chai, kisha huwekwa kwenye bahasha. Maandishi ya mlangoni hunakiliwa herufi kwa herufi, makosa yakiwamo. Baada ya hapo ndipo mistari ya jedwali huchorwa. Safu ni nne zinazojulikana, na mafundi wa zamani huongeza mbili: moja ya chanzo, inayotaja namba ya karatasi, na nyingine ya maneno ya mkulima mwenyewe kama alivyoyaandika. Safu hizo mbili ndizo zinazomwezesha mtu mwingine, miaka kumi baadaye, kuona ni wapi mkulima anasema na ni wapi mwandishi amefasiri.

Mfano wa msimu wa 2023/24 katika vilima vya Kilolo, mkoani Iringa, unatosha kuonyesha kazi yenyewe. Mkulima ana vipande viwili vya mahindi: kimoja anakiita Juu, ekari moja, na kingine Mwembeni, nusu ekari. Ana pia kinyungu bondeni, lakini hicho ni cha kiangazi na hakiingii hapa. Kwenye kalenda ameandika: “12/12 tumepanda juu, pakiti 5. Kesho yake mwembeni.” Kwenye daftari la mtoto: “DAP mfuko na nusu, juu na mwembeni.” Ujumbe wa simu aliomtumia nduguye tarehe 4 Januari unasema: “Jana nimepiga dawa ya viwavi, bomba sita, juu.” Na mlangoni pa stoo, kwa mkaa: “Urea juu, yamefika magotini.”

Kalenda haina ugumu. Tarehe 12 Desemba 2023 ilikuwa Jumanne, na siku na mwezi vikilingana hivyo hakuna wa kuvigeuza. Hata hivyo kwenye jedwali mwezi huandikwa kwa jina, kwa sababu “05/01” ikiingizwa kwenye kompyuta yaweza kutoka ikiwa tarehe 1 Mei, wakati ambapo mahindi hayo yanakaribia kukauka. Pakiti ni za kilo mbili, hivyo Juu ilipata kilo kumi za mbegu. Mwembeni haikuandikiwa kiasi. Basi haiandikiwi.

Mbolea ya kupandia ndiyo inayompambanua fundi na mjazaji. Mfuko mmoja na nusu ni kilo 75, nao umetajwa kwa mashamba mawili kwa pamoja. Mjazaji angegawa nusu kwa nusu na kuendelea. Fundi huuliza mbolea ilipimwaje, naye mkulima hujibu kama wakulima wengi: kwa kizibo cha soda, kimoja kila shimo. Jibu hilo linafungua hesabu. Nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kwa shimo, hutoa mashimo takriban 8,900 kwa ekari. Kizibo kilichosawazishwa hubeba gramu zipatazo tano za DAP. Kwa hiyo Juu ilihitaji kilo 44 na ushee, na Mwembeni kilo 22. Jumla ni kama kilo 67, na kilo nane hivi hazijulikani ziliko.

Kilo hizo hazifichwi kwa kuzigawa mashambani. Fundi huenda stoo na mizani. Akikuta mfuko uliofungwa kwa kamba na ndani yake kilo saba au nane, hesabu imesimama kwa miguu yake, na salio linaandikwa. Akiukuta mfuko mtupu, basi vizibo vilijazwa kwa kilima au kuna shimo lililopewa mara mbili, naye huandika hivyo hivyo: kilo 75 zilitumika, mgawanyo haujulikani. Yote mawili ni majibu mazuri. Ubaya ungekuwa kuandika namba iliyonyooka ambayo haikupimwa na mtu yeyote.

Ujumbe wa simu una mtego wake. “Jana” ni neno linalokufa likihamishwa. Huhesabiwa kutoka siku ya kutumwa, kwa hiyo ni tarehe 3 Januari 2024. Bomba la mkulima huyu ni la lita 16, na bomba sita ni lita 96 za maji. Dawa yenyewe haikutajwa, ila anakumbuka chupa ya kijani na kwamba alitia kifuniko kimoja kwa bomba. Chupa ikipatikana, jina linalonakiliwa ni la kiambato kilichoandikwa kwa herufi ndogo, hapa emamektini, maana majina ya biashara hubadilika kila duka. Kifuniko hupimwa kwa maji na sindano isiyo na ncha, mikono ikiwa ndani ya glovu, na sindano hiyo hairudi tena nyumbani. Kikipokea mililita 20, basi shamba lilipata mililita 120. Kwenye lebo ya chupa hiyo huandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nazo zina maana kubwa kwa mahindi, kwa kuwa yale ya kuchoma huvunjwa mabichi, wiki nyingi kabla ya yale ya gunia. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Afrika mwaka 2016, ndiye aliyefanya bomba kuwa kazi ya kila msimu kwenye mahindi. Kabla yake wakulima wengi hawakuwa na haja ya mstari wa dawa.

Inabaki urea. “Yamefika magotini” si tarehe, ila ni ushahidi. Risiti ya duka la pembejeo ni ya Ijumaa, tarehe 5 Januari, kwa hiyo mbolea haikutiwa kabla ya siku hiyo. Mkulima ana hakika kuwa Jumapili iliyofuata, tarehe 7, kazi ilikuwa imekwisha. Jedwali linapokea vyote viwili, bila kuchagua siku moja kwa ajili ya unadhifu:

| Shamba | Kazi | Tarehe | Pembejeo na kiasi | Chanzo | Maneno ya mkulima |
|---|---|---|---|---|---|
| Juu | Kupanda | 12 Des 2023 | Mbegu kilo 10. DAP kilo 44 (hesabu) | K1, K2 | “pakiti 5” |
| Mwembeni | Kupanda | 13 Des 2023 | Mbegu: –, DAP kilo 22 (hesabu) | K1, K2 | “kesho yake” |
| Juu | Kupiga dawa | 3 Jan 2024 | Emamektini ml 120, maji lita 96 | K3 | “bomba sita” |
| Juu | Kukuzia | 5–6 Jan 2024 | Urea kilo 50 (risiti) | K4, K5 | “yamefika magotini” |

Mistari minne tu, na tayari shamba linaonekana. Linaonekana pia pengo: Mwembeni haina mstari wa urea wala wa dawa. Huenda haikupata, huenda ilipata na hakuna aliyeandika. Mavuno yatakapopimwa kila shamba peke yake, kwa mizani na si kwa gunia la lumbesa ambalo kila mtu hulishona kwa kimo chake, pengo hilo litakuwa swali la kwanza kuulizwa. Makosa yanayogunduliwa baadaye hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha neno la zamani lisomeke, na jipya huandikwa pembeni pamoja na tarehe ya masahihisho. Kifutio hakina kazi hapa.

Thamani ya kuandika kwa shamba, pasipo kuchanganya, ilithibitishwa kule Rothamsted, Uingereza, ambako ngano imepandwa kwenye vipande vilevile vya uwanja wa Broadbalk tangu mwaka 1843. Mwaka 1919 mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher aliajiriwa kuyachambua madaftari yaliyokwisha kurundikana hapo. Alikuta miaka mingi ya vipande, mbolea na mavuno, na sehemu ya takwimu za kilimo zinazofundishwa hadi leo, Sokoine na kwingineko, ilizaliwa katika kazi hiyo. Waandishi wa madaftari hayo walifanya jambo moja: kila kipande kilibaki na jina lake na mstari wake.

Siku hizi jedwali linadaiwa kuliko wakati wowote. Wanunuzi wa mboga za kwenda Ulaya walianza kuliuliza tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na mkulima wa maharage mabichi nchini Kenya hawezi kuuza chini ya cheti cha GLOBALG.A.P. bila rekodi ya kila dawa iliyopigwa. Ungetarajia ufundi ukue. Mahali pengi umedhoofika, kwa kuwa kinachotakiwa ni karatasi iliyojaa, na karatasi hujazwa usiku wa kuamkia ukaguzi. Anayejua kusoma huitambua mara moja. Wino ni mmoja kuanzia Novemba hadi Juni, na mwandiko haukuchoka hata siku moja. Dawa imepigwa kila baada ya siku kumi na nne kamili, hata wiki ambayo mvua za El Niño hazikumruhusu mtu kutoka nje. Kiasi ni kilo 50 daima, hakuna neno lililokatwa, na hakuna kilichobaki stoo.

Programu za simu nazo zimeongeza hasara yao. Nyingi hazikubali kisanduku kitupu. Bila kiasi, kitufe cha kuhifadhi hakifanyi kazi. Basi kijana aliyetumwa kukusanya taarifa huandika 1 au 0 ili apite kwenda nyumba inayofuata, na kutokea hapo hakuna tena njia ya kutofautisha sifuri iliyopimwa na sifuri ya haraka. Kistari kidogo cha “sijui,” alichokiweka mwandishi wa zamani kwa wino na bila haya, hakikupewa nafasi. Wala maneno ya mkulima hayana safu. “Yamefika magotini” hugeuka tarehe aliyoichagua mtu ambaye hakuyaona mahindi.

Karatasi zenyewe zinaondoka haraka zaidi. Kalenda hubadilishwa Januari, katikati kabisa ya msimu, na ile ya zamani hufunika madaftari ya shule au huwasha jiko. Simu huibwa. Mlango wa stoo hupakwa rangi. Mwenye mzazi au jirani anayelima na amfuate mwezi huu, akiwa na bahasha, kalamu na mizani, kabla mahindi hayajavunwa. Kwani baada ya mavuno mkulima hukumbuka magunia, na hesabu ya bomba huwa imekwisha kusahauliwa.