Kiambishi, Kimya na Pigo: Muda katika Kichekesho cha Video cha Waigizaji Wawili

Wahakiki wa ucheshi wa Kiswahili wamezoea kuuliza kichekesho kinamcheka nani na kwa sababu gani. Swali la lini kicheko kitoke huachiwa waigizaji, kana kwamba ni kipaji tu. Hata hivyo, katika video fupi yenye waigizaji wawili na mahali pamoja, hakuna umati wala mabadiliko ya mandhari ya kuficha kosa la muda. Makala haya yanadai kwamba muda huo huanza kuamuliwa kwenye sarufi kabla ya kufika kwenye kamera. Hoja inajengwa juu ya mfano mmoja uliobuniwa kwa ajili ya uchambuzi.

Mahali ni kaunta ya kituo cha polisi. Mzee amesimama, askari ameshika kalamu na fomu.

Mzee: Marahaba. Afande, ametoroka.
Askari: Pole sana, mzee. Mmekaa naye muda gani?
Mzee: Miaka mitatu.
Askari: Mlikosana?
Mzee: Hata siku moja. Jana kala vizuri, kalala.
Askari: Alivaa nini?
(Kimya.)
Mzee: Kamba.
(Kimya.)
Askari: Ya rangi gani?

Raskin (1985) alieleza kuwa matini ya kuchekesha hupatana, yote au sehemu yake, na skripti mbili zinazokinzana. Hapa skripti ya kwanza ni ya mke aliyeondoka na ya pili ni ya mbuzi. Matayarisho, yaani mistari inayotangulia pigo, hayana budi kuwa kweli katika skripti zote mbili. Njia nyepesi ya kuyapima ni kuyasoma mara mbili, kwanza ukimfikiria mke, kisha ukimfikiria mbuzi. Mstari unaokwama katika usomaji mmojawapo ama unavujisha siri ama unamdanganya mtazamaji, na mtazamaji aliyedanganywa hacheki hata pigo likiwa zuri.

Kiswahili kinaisaidia kazi hii kuliko lugha nyingi. Kitenzi “ametoroka” hakihitaji nomino mbele yake, na kiambishi “a-” hakitaji jinsia wala hakitenganishi mtu na mnyama. Mwandishi wa Kiingereza angelazimika kuchagua kiwakilishi, na kila kiwakilishi kingekuwa kimefichua jambo fulani. Lakini msaada huo una mpaka. Mbuzi akibadilishwa kuwa pikipiki, mzee atalazimika kusema “imepotea”, na irabu ya kwanza ya kitenzi cha kwanza itakuwa imekwisha kumaliza kichekesho. Hakuna ufundi wa uigizaji unaoweza kuirudisha siri iliyovuja katika silabi ya mwanzo. Ndiyo maana hati ya kichekesho cha Kiswahili ihaririwe kwanza kwa jicho la upatanisho wa kisarufi.

Pigo lenyewe ni neno moja la silabi mbili. Linganisha na toleo hili: “Alikuwa amefungwa kamba shingoni.” Habari ni ileile, ila “amefungwa” inamtoa mke nje ya picha kabla “kamba” haijatamkwa, na “shingoni” inaendelea kusemwa wakati mtazamaji ameshaanza kucheka. Pigo limetawanywa kwenye maneno matatu, na hakuna hata moja linalobeba uzito wote. Waandishi wengi chipukizi hukosea hapa kwa kuogopa kutoeleweka.

Kuhusu kimya kinachotangulia pigo, imani iliyoenea ni kwamba mchekeshaji hutulia kidogo kabla ya kulitamka. Attardo na Pickering (2011), walipopima vichekesho vilivyosimuliwa kwa Kiingereza, hawakukuta ushahidi wa mtuo maalumu mahali hapo. Matokeo hayo yanahusu msimulizi mmoja, na hayaharamishi kimya katika mazungumzo ya wawili. Yanachofanya ni kumlazimisha mwandishi aulize kimya hicho ni cha nani. Katika mfano huu ni cha mzee, na kina sababu: kwake swali “Alivaa nini?” halina maana, kwa kuwa mbuzi havai. Anatafuta jibu la kweli. Mwigizaji akitulia kwa ajili ya mtazamaji, uso wake utasema “subirini”, na pigo litafika likiwa limeshatangazwa.

Urefu wa kimya hicho unaweza kupimwa. Stivers na wenzake (2009), katika lugha 10 ambazo Kiswahili hakimo, walikuta kwamba pengo la kawaida kati ya swali na jibu hukaribia milisekunde 200. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 5. Matayarisho yafuate mwendo huo wa kawaida, ili sikio lizoee. Baada ya “Alivaa nini?”, pengo la fremu 25 hadi 30 litasikika kuwa zito kwa sababu tu yaliyotangulia yalikuwa mafupi. Mhariri anayeweka sekunde nzima kati ya kila swali na jibu ili “kuwapa watu nafasi” anakuwa ameitumia silaha yake kabla ya vita.

Kimya cha pili, kinachofuata “Kamba”, ni cha askari. Kosa la mara kwa mara ni kukata picha kwenda kwenye uso wake wakati uleule neno linapotamkwa: jicho linashughulika na picha mpya na sikio linalipoteza neno. Mkato ukicheleweshwa fremu 8 au 10, mtazamaji analisikia pigo kwa mzee, kisha anaukuta uso wa askari ukiwa tayari umeganda. Hili linawezekana tu kama waigizaji hawakuingiliana kauli walipopigwa picha, na kama sauti ya chumba kitupu ilirekodiwa ili kurefusha kimya bila shimo kusikika.

Mahali pamoja panahitaji pia kazi ya kukijaza kimya. Katika mchezo maarufu wa duka la vifaa wa The Two Ronnies, ulioonyeshwa na BBC mwaka 1976, muuzaji aliyesikia vibaya huenda kuchukua bidhaa na kurudi nayo kaunta, na safari hizo ndizo vituo vyenyewe. Katika mfano wetu kazi hiyo ni ya kalamu. Askari huandika kila jibu. Baada ya “Kamba” kalamu husimama juu ya karatasi. “Ya rangi gani?” huja pale kalamu inapoanza tena kuandika, na kicheko cha pili hutokana na fomu kuwa na nguvu kuliko akili ya anayeijaza.

Maandishi ya chini ya skrini huharibu yote haya yasipoangaliwa. Swali na jibu vikiwekwa pamoja, jicho husoma “Kamba” sekunde nzima kabla ya mzee kufumbua kinywa. Neno hilo listahili ukurasa wake, uonekane linapotamkwa.

Mfano huu, hata hivyo, hausafiri kila mahali. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha bara nchini Kenya, ambako wanyama mara nyingi hupewa upatanisho wa “i-”, mzee wa kawaida angesema “imetoroka”. Akisema “ametoroka”, mtazamaji wa huko atasikia mtu, na pigo litakapokuja atahisi sarufi imemhadaa. Kwa hadhira hiyo mtoro atafutwe mwingine, labda mtoto na mdoli wake, au kichekesho kihamishwe kinywani mwa mtu ambaye usanifu wake wa lugha umekwisha kuonyeshwa kabla ya kauli ya kwanza.