Waya wa Kwanza Ndio Unaobeba Wote

Hapa Kaloleni, jirani na uwanja wa Sheikh Amri Abeid, yuko fundi kompyuta asiyeunganisha monita yoyote kabla hajailaza kifudifudi mezani. Anataka kuuona mgongo. Siku niliyokaa kumtazama, ofisi moja ya safari za watalii ilikuwa imemletea monita tatu za mtumba, Dell U2414H, pamoja na kompyuta yenye tundu moja tu la DisplayPort. Mwenye ofisi alitaka barua pepe za wageni zikae kwenye skrini moja, ratiba ya magari kwenye ya pili, na bukingi za hifadhi kwenye ya tatu.

Tundu moja, skrini tatu. Kazi hiyo inawezekana tangu Januari 2010, VESA walipotoa DisplayPort toleo la 1.2 lenye uwezo unaoitwa MST: waya mmoja hubeba picha kadhaa tofauti, monita ya kwanza huchukua ya kwake na kusukuma zilizobaki kwa inayofuata. HDMI haina uwezo huo, na hakuna adapta ya kuupachika. Ndiyo maana fundi anaanzia mgongoni. Anatafuta matundu ya DisplayPort ya aina mbili, la kuingiza picha na la kuitoa, na la pili lazima liwe limeandikwa OUT. Monita isiyo na hilo la kutoa inaweza kukaa mwisho wa mnyororo tu, na mwishoni inakaa vizuri kabisa.

Upande wa kompyuta ni mgumu zaidi, kwa sababu matundu yanafanana. Kompyuta ya Intel ya kizazi cha tatu ina tundu la DisplayPort lenye umbo lilelile, lakini ni la toleo la 1.1, na MST haimo. Uwezo huo uliingia kwenye kizazi cha nne, mwaka 2013. Kwa hiyo fundi aliwasha kompyuta, akasoma jina la prosesa, ndipo akakubali kazi. Angeletewa Mac angewaambia ukweli mapema: macOS haigawi skrini kwa njia hii, na monita zote za mnyororo zingeonyesha picha ileile.

Akaziunganisha, akazibonyeza menyu moja baada ya nyingine. U2414H hutoka kiwandani ikiwa imezimwa DisplayPort 1.2, na wengi hukwama hapo wakidhani wameuziwa mbovu. Aliiwasha kwenye ya kwanza na ya pili. Mbili zikawaka. Ya tatu ikabaki nyeusi.

"Fundi, hii ya mwisho imekufa," mwenye ofisi akasema.

"Haijafa, mama. Tuanzie huku mwanzo."

Hapo ndipo nilipouona ufundi wenyewe. Hakuigusa ile monita nyeusi. Alichukua kalamu na karatasi.

Picha za MST husafiri kama abiria kwenye basi la viti 64. Kiti kimoja ni cha dereva, yaani taarifa za kuongoza msafara, na 63 ni vya abiria. Waya ukienda kwa kasi kamili ya toleo la 1.2, viti vyote kwa pamoja hubeba gigabiti 17.28 kwa sekunde. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, ikiburudishwa mara 60 kwa sekunde, inahitaji takriban gigabiti 3.56, ambazo ni viti 14. Monita tatu ni viti 42. Nafasi ipo, tena inabaki.

Lakini kasi kamili haiji yenyewe. Kila waya unapochomekwa, vifaa vya ncha zake mbili hujaribishana. Mawimbi yakifika yamechoka, huteremka ngazi, na ngazi inayofuata chini ni nusu. Basi lina viti vilevile 63, ila kila kiti sasa kinabeba nusu ya mzigo, kwa hiyo picha moja inadai viti 27. Mbili ni 54, zinaingia. Tatu ni 81, haziingii. Kompyuta inazipa nafasi mbili za kwanza na ya tatu inaachwa kituoni, ingawa monita yenyewe ni nzima na waya wake ni mzima.

Akaufuata waya wa kwanza, ule unaotoka kwenye kompyuta. Ulikuwa wa meta tatu, mwembamba, wa bei ya chini. Ule wa mwisho, kati ya monita ya pili na ya tatu, ulikuwa mfupi na mnene. Akazibadilisha nafasi nyaya hizo mbili. Ziada ya waya mrefu akaifunga nyuma ya meza. Skrini ya tatu ikawaka.

Hakununua kitu. Waya dhaifu bado uko pale na bado unakwenda kwa nusu ya kasi, ila sasa unabeba picha moja, viti 27 kati ya 63. Katika mnyororo kila kipande cha waya hupatana na majirani zake peke yake: cha kwanza kinabeba picha zote, cha pili kinabeba mbili, cha mwisho moja. Nimewaona mafundi wenye vifaa vya ghali kuliko vyake wakibadilisha monita nzima kwa hitilafu hii, na namheshimu sana huyu kwa kupiga hesabu kabla ya kupiga bisibisi.

Kuhusu nyaya, hakuna waya maalumu wa MST, wala muuzaji asikutoze zaidi kwa kuandika "1.4" kwenye pakiti. VESA hupima waya kwa kasi unayoweza kubeba, na waya wowote uliothibitishwa kwa kiwango cha kawaida unafika kasi kamili ya toleo la 1.2. Usizidi meta mbili kwa kipande cha kwanza. Kitu kingine ambacho fundi hukipima kwa mita ni pini ya 20. Hiyo hutoa umeme wa volti 3.3 kwa ajili ya adapta, na kwenye waya wa kawaida haitakiwi kuunganishwa ncha kwa ncha. Nyaya duni huiunganisha, umeme wa monita ukarudi kwenye kompyuta, na kompyuta ikagoma kuwaka mpaka uchomoe. Mita ikilia pini ya 20 kwa pini ya 20, anauweka waya huo pembeni.

Laptopu za siku hizi hutoa picha kwa USB-C. Tafuta alama ya DisplayPort au ya radi ubavuni mwa tundu. Lisipokuwa na alama, soma maelezo ya modeli yako, maana matundu mengi ya USB-C hayatoi picha kabisa. Waya wa kuchajia simu nao hausaidii, mara nyingi hauna nyuzi za picha ndani. Na tundu hilo likibeba picha pamoja na data ya kasi kwa wakati mmoja, kwa kawaida nusu ya nyuzi huenda kwenye data, hivyo kwa toleo la 1.2 unarudi kwenye hesabu ya viti 27: monita mbili, si tatu.

Ukienda kununua monita za mtumba kwa kazi hii, zigeuze kwanza, uhakikishe zina OUT, na pesa ya waya mzuri itumie kwenye ule unaotoka kwenye kompyuta.