Kosa Lilikuwa "Usiku Ukilala"

Dawa ilikuwa sahihi. Dozi ilikuwa sahihi, na ugonjwa ulitambuliwa mapema kuliko tulivyozoea huku kwetu. Kilichomuunguza kifua yule mfugaji wa Nata ni maneno mawili yaliyotamkwa kwenye kaunta ya duka la dawa: "usiku ukilala." Nayaita kosa, na sitazunguka mbuyu.

Wasomaji wa Mugumu, Nyamongo na Sirari bahasha yenyewe mnaijua. Kijibahasha cha nailoni, jina la dawa limeandikwa nusu, kisha 1×2. Hiyo 1×2 nimeipigia kelele hadi wenzangu wa kaunta wananiona mchokozi. Moja mara mbili, sawa. Saa ngapi, kwa maji kiasi gani, mtu akiwa amekaa au amelala? Bahasha haisemi. Muuzaji hujazia kwa mdomo, na jioni watu wakiwa wamejaa mlangoni mdomo hutoa kilicho chepesi: asubuhi ukiamka, usiku ukilala.

Mzee alikuwa na bruselosi, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Aliupata kama wafugaji wengi wa Serengeti wanavyoupata, kwa maziwa mabichi na kuzalisha ng'ombe mikono mitupu. Hospitali ilimpima damu badala ya kukisia malaria, ikamwandikia doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa wiki 6, pamoja na sindano za gentamaisini siku za mwanzo. Hapo sina neno.

Sasa tuutazame usiku wenyewe. Mzee amekula saa moja, amezungumza na wanawe, ameingia kulala saa nne. Amekwisha kujilaza ndipo anakumbuka kapsuli. Anajiinua kwa kiwiko, anaiweka mdomoni, anaisindikiza kwa funda moja la maji yaliyobaki kikombeni, anarudisha kichwa mtoni. Msimlaumu kwa lile funda moja. Anayekunywa glasi nzima saa nne ya usiku ataamka saa nane kwenda nje, na nje ya boma, pembezoni mwa hifadhi, fisi wanapita. Watu wanajinyima maji usiku kwa akili timamu. Aliyemwambia "usiku ukilala" alipaswa kulijua hilo, maana naye amezaliwa huku huku.

Kapsuli haikufika tumboni. Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, una urefu wa takriban sentimita 25, na katikati yake kuna mahali pembamba, pale mshipa mkuu wa damu unapopinda juu ya moyo na kuukandamiza kidogo. Vidonge vingi hukwama hapo. Ganda la kapsuli ni jelatini. Likilowa kidogo tu linanata kwenye ukuta wa umio kama gundi. Mtu aliyesimama husaidiwa na uzito wa maji na wa kidonge chenyewe. Aliyelala hana msaada huo, na usingizi ukimchukua anapoteza na mengine: mate yanapungua, kumeza kunakuwa kwa nadra, na misuli ya umio inapunguza kusukuma. Kapsuli inalala naye, mahali pamoja, kwa saa kadhaa.

Na doksisaiklini si dawa ya kuachwa ilale mahali pamoja. Ikiyeyuka kwenye maji machache inatengeneza tindikali kali. Tumboni hilo si neno, kwa kuwa tumbo limeumbwa kubeba tindikali. Umio haukuumbwa hivyo. Ngozi yake ya ndani inaungua, na asubuhi mtu ana kidonda kidogo nyuma ya mfupa wa kifua.

Alfajiri mzee alishtuka kwa maumivu makali katikati ya kifua. Kila funda la uji lilimkata likipita. Alieleza vizuri kuliko vitabu: maumivu yana mahali, anaweza kuyaonyesha kwa kidole, na yanazidi anapomeza. Hizo ndizo dalili. Kiungulia cha kawaida huwaka na kupanda, hasa baada ya kushiba au kuinama, lakini mara nyingi hakimzuii mtu kumeza mate yake. Hiki cha kidonge huja ghafla kwa mtu ambaye hakuwa na historia ya kiungulia, saa chache au siku chache baada ya kuanza dawa mpya, na kumeza ndiko kunakoumiza.

Nyumbani walimpa matonge makavu ya ugali wa mtama ayameze bila kutafuna, eti kukisukuma kidonge. Desturi hii iko Tarime, iko Serengeti, na sijui iache kuwa wapi. Asubuhi ile hapakuwa na kidonge cha kusukuma. Kapsuli ilikwisha kuyeyuka usiku. Hisia ya kitu kukwama hubaki kwa sababu kidonda kimebaki, kwa hiyo tonge lilikuwa likikwaruza kidonda kitupu.

Akarudishwa dukani. Huko akaambiwa ana vidonda vya tumbo, jina ambalo siku hizi linapewa kila maumivu kati ya kidevu na kitovu, akauziwa vidonge vya magnesiamu vya kutafuna. Akaelekezwa avitumie pamoja na ile kapsuli "ili isimchome." Kosa la pili hilo, tena la kiufundi zaidi. Magnesiamu, kama yalivyo madini ya chuma na alumini, hushikamana na doksisaiklini tumboni, na kinachoshikamana hakiingii kwenye damu. Kifua kingepata nafuu kidogo huku bruselosi ikichekelea. Anayelazimika kutumia vyote viwili aviachanishe kwa saa mbili hadi tatu.

Lakini bado nang'ang'ania kosa la kwanza, kwa sababu halikuwa na ulazima wowote. Nusu ya doksisaiklini bado imo kwenye damu baada ya saa 18 hivi. Dawa inayokaa mwilini muda huo haina haja ya kumsubiri mtu godoroni. Mzee angeimeza saa moja jioni, pamoja na chakula, mbele ya familia yake, akiwa ameketi na maji yapo. Angebaki ameketi hadi saa nne akizungumza kama kawaida yake. Hakuna kidudu cha bruselosi ambacho kingepata nafasi kwa sababu dozi ilisogea saa tatu. Tena doksisaiklini inavumilia chakula. Hata maziwa huipunguza kidogo tu, tofauti na tetrasaiklini ya zamani ambayo maziwa huipunguza sana. "Jioni na chakula, kwa glasi nzima ya maji." Nimehesabu pumzi: ni moja, sawa na ile ya "usiku ukilala" ukiongeza kidogo.

Wakongwe wa zahanati walilijua hili bila semina. Mwaka 1977 Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na daktari Karel Styblo akasaidia kuujenga, miezi ya mwanzo ya matibabu mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu. Lengo lilikuwa kuhakikisha dozi haikosekani. Faida ya pembeni ilikuwa hii ninayoililia: asubuhi, mgonjwa wima au ameketi, kikombe cha maji mkononi, muuguzi anamtazama hadi koo lipande na kushuka. Kisha mtu anatembea kurudi kwao. Wauguzi wale walikuwa wakali, na ukali wao nausamehe wote kwa sababu ya kile kikombe. Leo kaunta inatoa risiti, haitoi kikombe.

Kiasi cha maji si mapokeo ya bibi tu. Mwaka 1982 watafiti wa Denmaki waliwamezesha watu wazima wenye afya 121 vidonge na kapsuli vyenye dawa ya kuonekana kwenye eksirei, wakatazama vinavyoshuka. Baadhi viling'ang'ania kwenye umio. Walishauri maji yasiyopungua mililita 100, na mtu abaki amesimama sekunde 90 au zaidi. Hicho ndicho kiwango cha chini. Kwa dawa zinazounguza, kama doksisaiklini, wafamasia tunadai glasi iliyojaa na nusu saa bila kulala.

Namna yenyewe ni hii. Kunywa funda moja kwanza, koo lilowe. Weka kidonge kimoja ulimini, si vitatu kwa mpigo. Kidonge kigumu huzama, kapsuli huelea. Kwa hiyo anayetupa kichwa nyuma akimeza kapsuli anaipeleka mbele ya mdomo badala ya kooni. Kwa kapsuli inamisha kidevu kidogo kuelekea kifuani, ndipo umeze. Malizia glasi. Usikifungue wala kukisaga kidonge kabla ya kuuliza, kwani vingine vimetengenezwa vitoe dawa polepole.

Mzee alirudishwa kwa daktari, na daktari hakumkatisha matibabu kiholela. Kukatisha bruselosi katikati ni kuialika irudi. Alisimamisha kapsuli siku chache hadi kumeza kukawa kwepesi, akampa omeprazoli ya kupunguza tindikali, vyakula laini visivyo vya moto, kisha akairudisha dozi ya pili kwenye chakula cha jioni. Vidonda vya namna hii hupona vyenyewe katika siku kadhaa hadi wiki chache, mradi kinachounguza kisirudi pale pale. Mzee alimaliza wiki zake 6.

Wapo wasiopaswa kusubiri siku hata moja. Anayeshindwa kumeza mate au maji, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, mwenye homa na maumivu yanayozidi, aende hospitali saa hiyo. Vivyo hivyo mwenye kifua kinachobana huku jasho linamtoka na maumivu yanakwenda mkononi au tayani. Huo huenda ni moyo, na kidonge kimesingiziwa. Ambaye wiki imepita na bado hamezi vizuri aandikiwe rufaa ya kuangaliwa umio kwa kamera, kipimo kinachofanyika Bugando, Mwanza.

Kabla sijafunga, kliniki za wajawazito nazo nazidai. FEFO, vidonge vya madini ya chuma, navyo vinaunguza umio vikikwama, na mama anayetapika asubuhi huambiwa avimeze usiku. Ushauri wa usiku naukubali, kichefuchefu si mchezo. Lakini vimezwe anapomaliza kuosha vyombo vya chakula cha jioni, kwa glasi nzima, akiwa bado na shughuli ya kumweka wima nusu saa. Na kwa ujauzito ulio mkubwa, ambao tayari unasukuma tumbo juu na kuleta kiungulia kila anapolala, sioni muuguzi atakayenipinga.