Ripoti Iliyochelewa kwa Makusudi

Ripoti ya Novemba ya vitu vinavyoisha ndani ya siku sitini mmeiona, sina haja ya kuisimulia. Leseni ya biashara imo, bima za magari zimo, majina ya wahusika yapo. Kazi safi. Kilichoiharibu ni uamuzi mmoja, tena wa makusudi: kuchuja kila kitu kwa tarehe ya kuisha, iliyo safu D.

```
=FILTER(A2:D41,(D2:D41>=TODAY())*(D2:D41<=TODAY()+60))
```

Kwa bima ya gari sina ugomvi. Hata ikibaki wiki moja unalipa, mambo yanaendelea. Mkataba ni habari nyingine. Chukueni ule wa kukodi mashine za fotokopi. Unaisha 31 Desemba, na una kifungu kinachosema kwamba usipotoa notisi ya maandishi siku 90 kabla, unajihuisha mwaka mzima kwa masharti yaleyale. Hesabuni kurudi nyuma: mwisho wa notisi ni 2 Oktoba. Ripoti ikauonyesha lini? Tarehe 1 Novemba, siku 30 baada ya nafasi kupita. Na ukapakwa kijani, kwa kuwa "bado miezi miwili". Hizi rangi nimezipigia kelele miaka nenda rudi; zinamtuliza bosi tu. Bosi akaandika pembeni "tusihuishe", akaendelea na mengine, kumbe mwaka mwingine wa kodi ulishaingia.

Karani wa masjala wa zamani asingefanya hivi. Mkataba ukifika mezani kwake aliusoma hadi kifungu cha notisi, akaandika juu ya jalada "BU 3/8", na siku hiyo jalada likatoka kabatini kwenda kwa mwenye uamuzi. Tarehe ya kuisha haikumshughulisha. Alifuata tarehe ya kutenda.

Hicho ndicho kilichokosekana. Safu E iwe siku za notisi, F iwe D kutoa E, G iwe hali, kisha uchuje kwa F:

```
=FILTER(A2:G41,(F2:F41<=TODAY()+60)*(G2:G41<>"Imehuishwa"))
```

Mkataba wetu ungejitokeza 3 Agosti. Mtaona pia nimeondoa `>=TODAY()`. Kwa sharti lile, bima iliyoisha jana bila kulipiwa inatoweka kwenye orodha leo, wakati gari liko barabarani. Sasa kitu kinabaki hadi mtu aandike kwamba kimehuishwa, na mkataba uliositishwa unahamishiwa karatasi nyingine.

Safu E ijazwe na mtu aliyeusoma mkataba wenyewe. Ikiachwa wazi, Excel inaihesabu kuwa sifuri, F inakuwa sawa na D, na ripoti inarudia kosa lilelile bila kutoa onyo lolote. Juu ya zile 90 mimi ningeongeza 14, maana barua ya notisi hukaa sana ikisubiri saini.