Wito wa Muuzaji na Salamu ya Kweli: Nani Anamdai Nani Jibu katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo?

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mtazamo unaotenganisha salamu na wito wa muuzaji wa mtaani kwa kigezo cha nia. Kwa kutumia mifano iliyotungwa kwa kufuata matumizi ya kawaida ya wachuuzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, makala yanaonesha kuwa nia ya kuuza yaweza kuwamo ndani ya salamu ya kweli. Tofauti ya msingi imo katika deni la jibu. Neno shikamoo linachunguzwa kwa kirefu kwa kuwa ndilo linaloleta utata mkubwa zaidi.

1.0 Utangulizi

Mtu anayepita Mtaa wa Kongo huitwa mara nyingi katika mwendo wa dakika chache: “Karibu mama”, “Dada mambo”, “Bosi, viatu hivi hapa”, “Shikamoo mama, vitenge vipya”. Wengi hupita kimya. Baadhi ya wachuuzi huukubali ukimya huo, na wengine hulalamika: “Hata salamu hujibu?” Lalamiko hilo ni shutuma ya utovu wa adabu, na katika jamii ya Waswahili shutuma hiyo si nyepesi. Yahya-Othman (1995) amekwisha kuonesha kuwa maamkizi ya Kiswahili yanaweza kuwa uwanja wa kukosana adabu. Swali la makala haya ni kama mpita njia aliyenyamaza amekosa kweli.

Jibu la haraka ni kwamba hajakosa kwa sababu muuzaji hakuwa na nia ya kusalimu, alitaka fedha. Jibu hili lina udhaifu. Muuzaji huyohuyo humwamkia mteja wake wa siku nyingi akitumaini kuwa atanunua, na hakuna anayesema kuwa hakumsalimu. Aidha, nia imo moyoni, ilhali mpita njia hana budi kuamua papo hapo kwa kutegemea anachokisikia.

2.0 Vigezo vya salamu na mahali vinapolegea

Duranti (1997) alipendekeza vigezo sita vya kuitambua salamu katika lugha mbalimbali. Kwa ufupi, salamu hutokea mwanzoni mwa makutano. Hujenga uwanja ambamo wahusika wanatambuana kwa macho au masikio. Huwa na muundo wa jozi, yaani kauli mbili ambazo ya kwanza huidai ya pili. Maneno yake hutabirika. Huanzisha kipindi kipya cha maingiliano. Na humtambua msalimiwa kuwa mtu anayestahili kutambuliwa.

Wito wa Kariakoo unatimiza vigezo kadhaa kati ya hivyo. Hutokea mwanzoni, humtaka mpita njia ageuze uso, na maneno yake hutabirika sana. Vigezo vinavyotia shaka ni viwili: jozi na utambuzi wa mtu.

Kuhusu jozi, neno karibu ni ushahidi mzuri. Nyumbani, karibu ni kauli ya pili. Mgeni hubisha hodi, na mwenyeji humjibu. Sokoni karibu huja kwanza, wala hakuna aliyebisha. Muuzaji anatoa jibu la ombi ambalo halijatolewa, hivyo haachi pengo linalohitaji kuzibwa. Anayenyamaza hajaacha deni, na anayesema “asante” huku akitembea ameeleweka kuwa amekataa.

Kuhusu utambuzi, mama, dada, anko na bosi sokoni hutaja kundi la watu. Wito uleule huelekezwa kwa anayefuata nyuma, na kwa anayemfuata huyo. Kipimo kilicho wazi zaidi ni vipaza sauti vinavyorudia maneno yaliyorekodiwa: “Mashati elfu tano, karibuni, elfu tano.” Sauti hiyo inanadi barabara hata muuzaji akiwa amekwenda kula. Lakini ikirekodiwa “shikamoo”, wasikilizaji watacheka, kwa sababu hakuna wa kupokea marahaba. Kunadi hakuhitaji mtu wa kujibiwa, kusalimu kunamhitaji.

3.0 Shikamoo: deni la kweli katika kinywa cha muuzaji

Utata huanza pale muuzaji aliye hai anapotumia shikamoo. Neno hili lina jibu moja lililo maalumu, nalo ni marahaba. Kulinyima jibu hilo ni kosa hata kama aliyeamkia ni mgeni kabisa. Hebu tulinganishe mazungumzo mawili.

(1) Muuzaji: Shikamoo mama! Karibu, vitenge elfu kumi na mbili tu.
Mpita njia: Marahaba. (Anaendelea kutembea.)
Muuzaji: Ngoja nikutolee rangi nyingine, mama yangu, kuangalia ni bure.
Mpita njia: Nitapita nikirudi.

(2) Muuzaji: Shikamoo mama.
Mteja: Marahaba, hujambo?
Muuzaji: Sijambo. Umepotea sana. Watoto hawajambo?
Mteja: Hawajambo. Zile kanga nilizokuagiza zimekuja?

Maneno ya kwanza ni yaleyale, na nia ya kuuza imo katika mifano yote miwili. Kinachotofautiana ni nafasi iliyoachwa baada ya shikamoo. Katika (2) muuzaji ananyamaza ili marahaba ipate mahali pake; salamu inakomaa kwa kuuliziana hali, na ni mteja anayefungua mlango wa biashara. Katika (1) bidhaa na bei vimefuata ndani ya kauli ileile kabla ya jibu. Muuzaji ameufungua mkopo na papo hapo akaacha kuusubiri. Alichokitaka ni kule kusita kwa hatua moja ambako shikamoo humlazimisha mtu mwenye adabu.

Dalili nyingine ni umri. Kwa desturi mdogo humwamkia mkubwa. Sokoni mchuuzi wa makamo aweza kumpa shikamoo mwanamke aliye mdogo kwake, akimpandisha hadhi kama vile anavyomwita mwingine bosi. Mwanamke huyo huona tatizo mara moja: akisema marahaba, amekubali ukubwa asio nao; akinyamaza, ameonekana hana adabu. Baadhi hutabasamu tu na kupita, na tabasamu hilo linakiri kuwa kilichosemwa kimesikika bila kukipokea kama salamu.

Hata hivyo, mpita njia katika (1) amelitatua jambo kwa ustadi. Ametamka marahaba bila kupunguza mwendo. Amelilipa deni la neno, na kuukataa wito uliobebwa na neno hilo. Kitendo chake kinaonesha kuwa wazungumzaji wenyewe huvitenga vitendo hivi viwili hata vinapotolewa kwa pumzi moja.

4.0 Hitimisho

Kigezo cha jozi kinapaswa kusomwa kama wajibu wa jibu, si umbo la maneno pekee. Kwa msingi huo, swali la kuuliza ni hili: msikilizaji akinyamaza, je, kuna aliyekosewa? Kwa karibu, mambo inayofuatwa mara moja na jina la bidhaa, na bei zinazonadiwa, hakuna. Muuzaji anayelalamika baada ya wito wa namna hiyo anaugeuza kuwa salamu baada ya kushindwa kuuza, na shutuma yake haina msingi. Kwa shikamoo hukumu ni tofauti, kwani neno hilo hudai jibu lake hata linapoazimwa kwa kazi nyingine. Mpita njia anadaiwa marahaba. Hadaiwi kusimama, wala kununua.